Ramani yangu ya mawazo ina visanduku 47 na supavaiza bado anauliza "swali lako ni nini?" Nitumie programu gani?

mwani_utafiti (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu. Mimi ni mwanafunzi, naandika andiko la utafiti kuhusu kilimo cha mwani hapa Unguja, pwani ya mashariki. Nimesoma makala nyingi, nimezungumza na wakulima sita, na kila kitu nimekimimina kwenye Freeplane. Katikati nimeandika "Kilimo cha mwani Zanzibar", halafu matawi sita: Historia, Mazingira, Changamoto, Wanawake, Masoko, Serikali. Jumla visanduku 47, vyenye rangi.

Juzi nimempelekea supavaiza. Ameitazama kama dakika mbili akasema: "Umepanga vizuri, lakini sioni hoja. Swali lako ni nini?" Nimerudi nyumbani nimeongeza matawi, nimebadilisha rangi, na mimi mwenyewe siioni hiyo hoja. Je, tatizo ni programu? Kuna nyingine inayoweza kuunganisha mambo vizuri zaidi? Laptopu yangu ni ya zamani na bando nalinunua kwa shida, kwa hiyo napendelea ya bure inayofanya kazi bila mtandao.

---

Kipanga_T

Achana na Freeplane, dada. Chukua Xmind. Ni nzuri kwa macho, ina miundo mingi, na ukitaka kuunganisha matawi mawili yaliyo mbali unatumia Relationship, mshale unatokea na unaweza kuuandikia maneno. Pia umekosea kanuni: kila tawi liwe na neno moja tu, si sentensi. Ndivyo alivyofundisha Tony Buzan, yule Mwingereza aliyezieneza ramani hizi miaka ya 1970. Punguza maneno na hoja itaonekana yenyewe.

---

RamaniZaArdhi

Kama unataka ramani ya mashamba ya mwani tumia QGIS, ni ya bure. Unachukua pointi za GPS wakati maji yamekupwa, unaziingiza kama safu, unaweka picha ya setelaiti chini yake. Nilifanya hivyo kwa mashamba ya mikoko. Naweza kukusaidia kuandaa safu za mwanzo.

---

mwani_utafiti

@RamaniZaArdhi ahsante sana kaka, ila mimi nasema ramani ya mawazo, ile michoro ya visanduku na matawi. Lakini ramani ya mashamba nitaihitaji kwenye sura ya eneo la utafiti, nitakutafuta.

@Kipanga_T nimejaribu kupunguza kuwa neno moja moja. Sasa nina kisanduku kimeandikwa "Bei" na sijui hata mimi nilimaanisha nini.

---

KalamuNaKamba

Dada, kabla ya kubadilisha programu fanya jambo moja dogo. Kwenye Freeplane hiyo hiyo bonyeza `Ctrl+F`, tafuta "kotoni", ile aina ya mwani. Halafu tafuta "joto". Niambie kila neno limetokea mara ngapi na chini ya tawi gani.

---

mwani_utafiti

Kotoni imetokea mara tatu: chini ya Historia ("kotoni na spinosamu zaletwa, kilimo cha biashara 1989"), chini ya Masoko ("kotoni bei kubwa kuliko spinosamu") na chini ya Changamoto ("kotoni inakufa"). Joto mara mbili: Mazingira na Changamoto. Wanawake wametokea kila mahali.

---

KalamuNaKamba

Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo, na Xmind pekee haitauponya. Freeplane, Xmind na ndugu zao wengi zimejengwa kama mti. Kila kisanduku kina mzazi mmoja. Kotoni inahusu historia, bei na kifo kwa pamoja, lakini mti unakulazimisha uchague kabati moja la kuiweka. Wewe hukutaka kuchagua, ukaiandika mara tatu. Kitu kimoja kikijirudia kwenye matawi matatu, ujue uhusiano unaoutafuta uko katikati ya matawi hayo, mahali ambapo mti hauna pa kuuandika.

Ndiyo maana supavaiza ameona umepanga bila kuona hoja. "Historia", "Changamoto", "Masoko" ni majina ya makabati. Makabati hayasemi nini kinasababisha nini.

Unachohitaji sasa ni mchoro wa dhana. Ni kitu tofauti na ramani ya Buzan ingawa watu huzichanganya. Huu ulianzishwa na Joseph Novak na wenzake Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1972, walipokuwa wanafuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Tofauti yake kubwa ni kwamba kila mstari unaandikwa kitenzi, na kisanduku kimoja kinaweza kupokea mistari kutoka popote. Ukisoma kisanduku, kitenzi, kisanduku, lazima upate sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo.

Programu yake inaitwa CmapTools, imetoka taasisi ya IHMC kule Florida. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako, na haihitaji bando baada ya kuisakinisha. Sura yake ni ya kizamani, lakini ina tabia moja ninayoipenda. Ukibofya mara mbili penye uwazi unapata kisanduku. Juu yake kuna alama ndogo ya mishale. Ukiivuta hadi kisanduku kingine unapata mstari, na katikati ya mstari programu inaandika `????`. Alama hizo zinabaki pale mpaka uandike neno la kuunganisha. Freeplane ingekuachia mstari mtupu nawe ukaendelea na safari ukidhani umeeleza.

---

Kipanga_T

Lakini nimeshasema, mishale ya Xmind nayo inaandikwa maneno. Ni kitu kile kile.

---

KalamuNaKamba

Maneno inaandikwa, hapo uko sahihi, na kama una mishale miwili au mitatu inatosha kabisa. Lakini kila kisanduku bado kina nyumba yake kwenye mti. Ukiongeza tawi, mti unajipanga upya na mishale yako inakatiza juu ya visanduku vingine. Ikifika minane hivi husomi tena. Nimewahi kuchapisha mmoja wa namna hiyo kwenye A3 na sikuweza kuufuata mshale mmoja hadi mwisho wake.

Na lile la neno moja ni kanuni nzuri kwa kazi nyingine. Anayetaka kukumbuka neno linamtosha, kwa sababu sentensi nzima tayari anayo kichwani. Dada hapa anatafuta sentensi ambayo bado hana.

---

Famasia_Mwaka3

Nathibitisha hilo la kukumbuka. Mimi kwa mitihani natumia neno moja moja na nakunja matawi yote kwa kitufe cha Space, kisha najiuliza nini kipo ndani kabla sijalikunjua. Tawi la dawa za presha nimelikunja na kulikunjua mpaka limeingia. Lakini nilipoandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo kwa njia hiyo hiyo nilikwama kama mwanzisha uzi.

---

Simu_Tu

Na sisi tusio na laptopu? Mimi nasoma kwa simu, kompyuta napata maktaba saa mbili kwa siku.

---

KalamuNaKamba

@Simu_Tu kuna SimpleMind ya Android, toleo la bure linatosha kuchora mti. Ila kwa mchoro wenye mishale mingi skrini ya simu itakuchosha. Ningekuwa wewe ningetumia simu kukusanya orodha tu, na kompyuta kuchora. Kila wazo mstari wake, na wazo dogo linasogezwa ndani. Freeplane ukiibandikia maandishi yaliyosogezwa kwa Tab inayageuza kuwa matawi yenyewe. Unachagua kisanduku cha katikati, unabonyeza `Ctrl+V`, basi.

```
Kotoni
	bei kubwa kuliko spinosamu
	inakufa maji yakipata joto
Spinosamu
	inavumilia joto
	bei ndogo
```

Kwenye simu hakuna Tab, kwa hiyo weka alama mwanzoni mwa mstari, moja kwa kila hatua ya ndani. Ukifika kwenye kompyuta unabadilisha alama zote kuwa Tab kwa mkupuo mmoja kwenye Notepad. Kile kisanduku cha kubadilishia hakikubali kuandika Tab, lakini kinakubali ukiinakili kutoka kwenye maandishi na kuibandika.

---

mwani_utafiti

Nyongeza kwa @Simu_Tu: usitumie deshi kama alama. Nilifanya hivyo mwezi uliopita na "aisi-aisi", jina la ugonjwa wa mwani, lilikatika vipande viwili kila mahali, kwa sababu deshi yake nayo iligeuka Tab. Nilirekebisha mkono kwa mkono. Tumia `+`.

@KalamuNaKamba nimeisakinisha CmapTools. Nianze na kisanduku gani? Nikihamisha vyote 47 si nitarudi pale pale?

---

KalamuNaKamba

Usihamishe vyote. Anza na swali, liandike juu kabisa ya ukurasa, na usilifute mpaka umalize. Si mada, swali. Ukiandika "Kilimo cha mwani" kila kitu duniani kinaweza kuingia. Ukiandika swali, kisanduku kisichosaidia kulijibu kinabaki nje.

Katika yale uliyoyataja kuna jambo moja la ajabu: kotoni ina bei kubwa, lakini wakulima wengi wanalima spinosamu. Kwa nini? Hilo ni swali. Chukua visanduku vinavyohusu hilo tu, 15 hadi 25, vionekane vyote kwenye skrini moja bila kusogeza. Viweke pembeni vikiwa orodha, bila mistari. Kisha chukua viwili viwili na jiulize kitenzi gani kinaviunganisha. Ukikosa kitenzi, usivute mstari.

Jihadhari na vitenzi vya uvivu: "inahusiana na", "inaathiri", "inachangia". Vinaingia popote kwa hiyo havisemi kitu. "Inaathiri" ibadilishe iwe inapunguza, inakata, inachelewesha, inazuia. Usipojua kipi kati ya hivyo, umegundua jambo la kumuuliza mkulima.

---

Afisa_Mipango_Wilaya

Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu kazi yangu ni mipango ya halmashauri. Sisi tunatumia mti wa matatizo. Tatizo kuu ni shina, sababu ni mizizi, athari ni matawi. Vijijini tunafanya kwa kadi na karatasi ya manila ukutani, nikirudi ofisini naihamishia kwenye Xmind. Kwa miaka mingi umetutosha. Mchoro wa mishale kila upande ukiuweka mbele ya mkutano wa kijiji watu watakaa kimya. Mti wanauelewa, hata asiyesoma anajua mzizi ni nini.

Mfano wa karibuni: kituo cha kuchotea maji kimekufa. Shina: wananchi hawapati maji safi. Mizizi: pampu mbovu, kamati haina fedha za matengenezo, wananchi hawalipii maji. Tulimaliza ndani ya asubuhi moja na bajeti ikaandikwa.

---

KalamuNaKamba

Mzee, shikamoo. Naomba kuuliza: wananchi hawalipii maji kwa nini?

---

Afisa_Mipango_Wilaya

Marahaba. Hawalipi kwa sababu maji hayatoki.

---

KalamuNaKamba

Na hayatoki kwa sababu pampu ni mbovu, na pampu ni mbovu kwa sababu hakuna fedha, na fedha hakuna kwa sababu hawalipi. Hilo ni duara, mzee. Kwenye mti ukilikata mahali pamoja linaonekana kama mzizi wa kawaida wenye mwisho. Anayesoma mpango atadhani pampu mpya imemaliza kazi, ilhali duara liko pale pale likisubiri pampu hiyo nayo iharibike.

---

Afisa_Mipango_Wilaya

Nakuelewa, na duara tunalijua. Lakini nalikata kwa makusudi. Mpango wa halmashauri unahitaji mstari wa bajeti, na mstari wa bajeti unahitaji pa kuanzia. Ukinipa duara nami nikampa mhandisi, kila mtu atasema aanze mwenzake. Nikikata kwenye pampu, fedha inatoka mwaka huu. Nikikata kwenye "wananchi hawalipi", inakuwa semina.

---

KalamuNaKamba

Hoja ya pa kuanzia naikubali. Hofu yangu ni kwamba anayekuja baada yako hataona mahali ulipokata. Ningeuacha mti kwa ajili ya mkutano na bajeti, na kuweka mchoro wa duara kama kiambatisho cha ukurasa mmoja.

---

Afisa_Mipango_Wilaya

Viambatisho havisomwi, kijana wangu. Lakini nitalifikiria.

---

mwani_utafiti

Wakuu nimerudi. Nimekaa na hii kitu tangu jana baada ya isha. Swali nimeandika juu: "Kwa nini wakulima wanaendelea na spinosamu yenye bei ndogo badala ya kotoni?" Nimechagua visanduku 19 tu. Vingine vyote, pamoja na tawi zima la Serikali, nimeviacha kwenye Freeplane.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Maji ya kina kifupi, jua likiwaka wakati wa kupwa, hupata joto. Joto hudhoofisha kotoni. Kotoni dhaifu hushambuliwa na aisi-aisi, ambayo hugeuza mashina kuwa meupe na kuyakata, mkulima anakuta kamba tupu. Spinosamu huvumilia joto, kwa hiyo huvunwa. Hapo nikadhani nimemaliza. Jibu ni joto, basi.

Kisha nikaona kisanduku cha "maji ya kina kirefu" kimebaki pembeni bila mstari. Mkulima mmoja aliniambia kule kotoni inaishi, maji ni ya baridi zaidi. Nikavuta mstari: maji ya kina kirefu hunusuru kotoni. Sasa kwa nini hawaendi huko? Kule hufiki kwa miguu wakati wa bamvua kama ilivyo kwenye mashamba ya vigingi, unahitaji chombo na unahitaji kujua kuogelea. Na wakulima wengi ni wanawake, na wanawake wengi niliozungumza nao hawana chombo wala hawajui kuogelea.

Wallahi nilisimama. Kuogelea kilikuwa chini ya tawi la Wanawake, kisanduku cha mwisho kabisa, nilikiandika kwa sababu tu bibi mmoja alikitaja. Bei ilikuwa upande wa pili wa ramani, chini ya Masoko. Kwenye ule mti wa visanduku 47 vilikuwa mbali kupita vyote, na sasa kati yao kuna mishale mitatu tu.

---

KalamuNaKamba

Hongera dada. Hapo una hoja. Sasa usimpelekee supavaiza picha. Nenda File, kisha Export Cmap As, chagua Propositions as Text. Itakutolea kila mshale kama mstari wa maandishi. Usome kwa sauti, mstari mmoja mmoja, na kila mmoja ujiulize: nani kaniambia hili? Makala, mkulima, au mimi mwenyewe? Ule ambao ni wewe mwenyewe uwekee rangi. Kosa la kuchora ni kwamba mshale uliokisia unafanana kabisa na mshale uliothibitishwa, na mchoro mzuri unakudanganya kuliko mchoro mbaya.

---

Kipanga_T

Nakubali, kwa kazi hii CmapTools imeshinda. Lakini kwa kumwonyesha supavaiza bado ningechora upya kwenye kitu chenye sura nzuri. draw.io nayo ni ya bure, kuna toleo la kusakinisha, visanduku viko huru na mishale inaandikwa.

---

KalamuNaKamba

Hiyo ni sawa kabisa, hasa kwa picha ya kuweka ndani ya andiko. Ila draw.io haitakudai kitenzi, ndiyo maana naanza kwingine.

Na nakala halisi za kazi ziweke mwenyewe. Faili la Freeplane la `.mm` ni maandishi ya kawaida ya XML, hata programu ikigoma unalifungua kwa Notepad na maneno yako unayaona. La `.xmind` ni zipu. Libadilishe jina liwe `.zip` na utalifungua. Nilipoteza ramani ya mwaka mzima kwenye huduma moja ya mtandaoni kwa sababu ya akaunti niliyoshindwa kuingia, na sikuwa na faili lolote mkononi.

---

Simu_Tu

Nimejaribu ya `+` leo maktaba. Mistari 60 imegeuka mti kwa sekunde. Imenitosha kwa saa zangu mbili.

---

mwani_utafiti

Nimetoa yale maandishi. Haya ni ya sehemu ya mwisho:

```
maji ya kina kirefu	hunusuru	kotoni
maji ya kina kirefu	huhitaji	chombo
maji ya kina kirefu	huhitaji	kuogelea
wanawake wengi	hawajafundishwa	kuogelea
kotoni	huuzwa kwa	bei kubwa
mnunuzi	????	spinosamu
```

Nimepaka rangi iliyo yangu mwenyewe. "Hawajafundishwa" ni yangu, wakulima waliniambia hawajui, hawakuniambia kwa nini. Na huo wa mwisho sina kitenzi kabisa. Mkulima mmoja alisema mnunuzi ndiye huwaletea kamba na mbegu, kwa hiyo labda ndiye anayeamua wapande nini, au labda anachukua tu kilichopo. Vitenzi hivyo viwili vinanipa andiko mbili tofauti. Bamvua inaanza Jumatatu, wote watakuwa shambani. Nitakwenda kuwauliza, na kwa supavaiza nitaupeleka mchoro ukiwa bado na hizo alama nne.